Fundi Mmoja, Mapaa Mawili: Mhadhara kuhusu Njia Nyeti na Mnyororo Nyeti

Naomba nianze na ratiba niliyoichora mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani kwa fahari, na baadaye ikanitia aibu.

Kazi ilikuwa kumalizia kijiji zahanati pamoja na nyumba ya muuguzi. Majengo mawili, kiwanja kimoja. Vikundi vya waashi vilikuwa viwili, kikubwa kwenye zahanati na kidogo cha watu watatu kwenye nyumba. Kikundi cha maseremala wa kupaua kilikuwa kimoja tu, na kwa umbali ule hapakuwa na kingine cha kukodi. Tarakimu nitakazozitaja nimezilainisha ili tuweze kuzihesabu pamoja bila karatasi, ila umbo la mambo ni lilelile.

Upande wa zahanati, boma lilihitaji siku 30 kufika lenta, kupaua siku 20, kisha plasta na sakafu siku 20. Jumla siku 70. Upande wa nyumba, wale waashi watatu walihitaji siku 34 kusimamisha boma, maseremala siku 16 kupaua, na umaliziaji siku 12. Jumla siku 62. Majengo yote mawili yanakabidhiwa siku moja.

Aliyesoma mbinu ya njia nyeti anajua kinachofuata. Unaangalia kila mfuatano wa kazi tangu mwanzo hadi mwisho, unatafuta ulio mrefu kuliko yote, na huo ndio unaoamua mradi utaisha lini. Hapa ni zahanati, siku 70. Kazi yoyote ya mfuatano huo ikichelewa siku moja, makabidhiano yanachelewa siku moja. Nyumba ya muuguzi ina mwanya wa siku 8, yaani inaweza kusuasua kwa siku 8 pasipo kumuumiza mtu. Nikaandika siku 70 kwenye mkataba. Nikamwambia msimamizi wa nyumba asiwe na pupa, nguvu zote ziende zahanati.

Siku ya 30 boma la zahanati lilifika lenta na maseremala wakapanda. Siku ya 34 boma la nyumba nalo likawa tayari, na msimamizi wake akaja kunidai maseremala. Ratiba ilimpa haki. Ilionyesha wazi kwamba kuanzia siku ya 34 hadi ya 50 wanapaua nyumba. Ilionyesha pia, mistari miwili juu yake, kwamba kuanzia siku ya 30 hadi ya 50 watu walewale wanapaua zahanati. Nilikuwa nimewaandika watu wanne mahali pawili kwa wakati mmoja, na karatasi haikulalamika.

Karatasi hailalamiki kwa sababu ya namna mbinu yenyewe ilivyozaliwa. Njia nyeti ilitengenezwa Marekani mwaka 1957, katika kampuni ya kemikali ya DuPont, na watu wawili: Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand, waliokuwa na kompyuta ya Univac ya kufanyia hesabu. Swali lao lilikuwa la tajiri. Walitaka kujua, ukiwa na fedha za kuongeza watu na zamu, uongeze kwenye kazi ipi ili mradi ufupike kwa gharama ndogo kabisa. Katika swali la aina hiyo, fundi ni kitu kinachonunuliwa, kwa hiyo mishale ya mchoro inaeleza tu kazi ipi lazima itangulie ipi: paa haliji kabla ya ukuta. Nani anashika nyundo, mchoro hauulizi. Sisemi waanzilishi hawakuliona hilo. Kelley mwenyewe alirudi kuandika juu ya upangaji wa rasilimali mwaka 1963. Lakini kilichoingia kwenye vitabu vya kufundishia, na kilichonifikia mimi darasani, ni ile hesabu ya kwanza yenye mafundi wasiokwisha.

Sasa turudi kiwanjani tuwape maseremala nafasi yao kwenye mchoro. Wako kikundi kimoja, kwa hiyo paa moja lazima lisubiri jingine. Ukianza na zahanati, wanapaua siku ya 30 hadi ya 50, wanahamia nyumba hadi siku ya 66, kisha umaliziaji wa nyumba unachukua siku 12, na mradi unaisha siku ya 78. Ukianza na nyumba, paa la zahanati linaisha siku ya 70, plasta inakupeleka siku ya 90. Zahanati kwanza, basi. Siku 78 ndizo pungufu kabisa zinazowezekana, na siku 70 nilizotia saini hazikuwahi kuwepo duniani.

Hebu tazameni sasa mfuatano mrefu kuliko yote unapita wapi. Unaanza kwenye boma la zahanati, unapita paa la zahanati, unarukia paa la nyumba, unamalizikia kwenye umaliziaji wa nyumba. Kati ya paa na paa hakuna sababu yoyote ya kiufundi. Kinachoyaunganisha ni mikono ya watu wanne. Huu ndio unaoitwa mnyororo nyeti. Plasta ya zahanati, niliyokuwa nikiilinda kama mboni ya jicho, ndiyo iliyokuwa na mwanya wa siku 8. Umaliziaji wa nyumba, niliokuwa nimesema usiwe na pupa, haukuwa na mwanya hata wa saa moja. Ratiba yangu ilikuwa imekosea siku, tena ilinielekeza nikodoe macho upande usiostahili.

Na nilifanya nini siku ile ya 34? Nilifanya kile ambacho wengi wenu mngefanya ili amani ipatikane: leo zahanati, kesho nyumba. Kila msimamizi akaondoka ameridhika. Hesabu yake ni hii. Maseremala walikuwa wamekwisha kufanya siku 4 za zahanati, zimebaki 16. Za nyumba ni 16. Ukipokezana siku kwa siku, mapaa yote mawili yanakwisha karibu na siku ya 66. Paa la nyumba halikuwahi hata kidogo, maana hata lingesubiri zamu yake lingekwisha siku hiyohiyo. Paa la zahanati ndilo lililochelewa, kutoka siku ya 50 hadi ya 66, na plasta yake ikaangukia siku ya 86. Nimepoteza siku 8 pasipo mtu mmoja kukaa chini ya mwembe. Hapo sijahesabu kuhamisha ngazi na jukwaa kila asubuhi, wala nusu saa ya kutafuta ni wapi tuliishia kupima. Kwa kweli tulivuka siku 86.

Hadi hapa sijasema lolote ambalo ni mali ya mtu mmoja. Jerome Wiest aliandika tangu mwaka 1964 kwamba rasilimali zikiwa chache, kinachotawala mradi ni mfuatano unaochanganya mahitaji ya kiufundi na zamu za watenda kazi. Jina la mnyororo nyeti na umaarufu wake vilikuja na Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, katika riwaya yake ya mwaka 1997 ambamo mhadhiri wa chuo anawafundisha mameneja. Tayari alikuwa amevuma kwa riwaya nyingine ya mwaka 1984 kuhusu kiwanda, yenye hoja kwamba kasi ya kiwanda ni kasi ya mashine yake moja inayobana. Kwenye mradi, maseremala wangu ndio hiyo mashine. Jipya alilolileta Goldratt ni namna ya kushughulika na wasiwasi wa wakati, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mwulize fundi, boma hili litachukua siku ngapi? Moyoni anajua kwamba mambo yakienda kawaida ni kama siku 15. Anajua pia kwamba saruji inaweza kukawia, saidia fundi anaweza kuugua, mchanga unaweza kuletwa wenye udongo. Tena anajua kwamba akisema 15 na zikafika 20 ataitwa mwongo, ila akisema 30 na zikafika 25 ataitwa fundi hodari. Atasema 30. Mimi nikipeleka kwa bosi nitaongeza kidogo. Kila kazi ndani ya ratiba imejaa pamba namna hiyo, na bado miradi inachelewa. Pamba inakwenda wapi?

Inaliwa kwa njia mbili. Mwenye siku 30 kwa kazi ya siku 15 anaanza kwa mwendo wa harusi, maana muda upo. Shida halisi inapotokea, ile pamba alikwisha kuilalia. Goldratt aliliita hilo ugonjwa wa mwanafunzi, na walimu waliomo humu hawahitaji maelezo. Njia ya pili ni kwamba anayemaliza mapema hasemi. Akimaliza siku ya 20 atapiga msasa, atarekebisha kona, atajishughulisha hadi siku ya 30, kwa sababu akikabidhi siku ya 20, safari ijayo watampa 20. Parkinson alikwisha kuliandika hili kwa kejeli katika jarida la Economist la London mwaka 1955: kazi hutanuka hadi ijaze muda iliopewa. Matokeo yake, ucheleweshaji hurithiwa na kazi inayofuata, lakini uwahi haurithiwi na mtu.

Dawa aliyopendekeza mtaielewa upesi kwa sababu tunaiishi mtaani. Fikirini chama cha kufa na kuzikana. Kila nyumba ingetaka kuweka chini ya godoro fedha za kutosha msiba mzima, mtaa ungefilisika kwa kuweka akiba. Badala yake kila mmoja anachanga kidogo katika mfuko mmoja, na mfuko ule, mdogo kuliko jumla ya magodoro yote, unatosha, kwa kuwa misiba haiji nyumba zote mwezi mmoja. Mnyororo nyeti unafanya vivyo hivyo na siku. Unamwondolea kila fundi pamba yake, unampa muda ule wa moyoni, na sehemu ya ulichoondoa unaiweka yote mwishoni mwa mradi kama akiba ya pamoja.

Kwenye zahanati yetu, kata kila muda nusu. Boma la zahanati siku 15, paa lake 10, paa la nyumba 8, umaliziaji 6: mnyororo wote siku 39. Tumeondoa siku nyingine 39. Kanuni nyepesi ya Goldratt ni kurudisha nusu ya zilizoondolewa, basi tunaweka akiba ya mradi ya siku 20, na ahadi kwa kijiji inakuwa siku 59. Kuna wanaopenda hesabu makini zaidi: chukua siku ulizoondoa kwenye kila kazi, yaani 15, 10, 8 na 6, zipe kipeo cha pili, jumlisha upate 425, tafuta kipeuo chake cha pili. Ni 20 na nusu hivi. Kwa mnyororo mfupi kanuni mbili zinakutana. Kwa mnyororo mrefu zinaachana vibaya: ukiwa na kazi 16 na kila moja umeiondolea siku 10, kanuni ya nusu inakupa akiba ya siku 80, na ile ya vipeo inakupa 40. Ndiyo maana kwenye miradi mikubwa kanuni ya nusu huzaa akiba nono ambayo mteja hataikubali.

Bado kuna vijito. Boma la nyumba halimo kwenye mnyororo, lakini linamwaga maji yake ndani yake pale maseremala wanapohamia. Ili paa la nyumba lianze siku ya 25, mambo mawili yawe tayari: maseremala wawe wameshuka zahanati, na boma liwe limefika lenta. Kama kila upande una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwahi, kuwahi kwa pamoja ni robo tu. Vijito vinne vikikutana mahali pamoja, ni moja kati ya 16. Njia nyeti ya kawaida inachukulia mwanya kuwa bahati iliyobaki baada ya hesabu, nao hutumiwa na yeyote aliyetangulia kuuona. Mnyororo nyeti unaweka akiba ya makusudi mwishoni mwa kila kijito, kabla hakijaingia mtoni. Boma la nyumba sasa ni siku 17, lianze siku ya kwanza, na zinabaki siku 8 za kulikinga. Plasta ya zahanati ni siku 10 kuanzia siku ya 25, inaisha ya 35. Ningependa kuipa akiba ya siku 5, lakini hadi mwisho wa mnyororo zipo 4 tu. Siku hiyo moja inayopelea itabebwa na akiba ya mradi. Mapengo ya namna hii hutokea mara kwa mara, na anayekwambia hesabu hukaa sawa daima hajawahi kuchora moja.

Usimamizi nao unabadilika. Hakuna tena tarehe ya mwisho kwa kila kazi. Fundi anakimbia kama mtu wa mbio za kupokezana vijiti: akipokea anakimbia, akimaliza anakabidhi saa ileile, na maseremala wanapigiwa simu siku kadhaa kabla ili wakute kijiti njiani. Msimamizi kila jioni anamwuliza fundi swali moja, zimebaki siku ngapi? Hamwulizi amefika asilimia ngapi, kwa maana asilimia 90 ya fundi inaweza kukaa 90 mwezi mzima.

Majibu hayo yanasomwa dhidi ya akiba. Tuseme boma la zahanati limeisha siku ya 18 badala ya 15. Tumemaliza siku 15 kati ya 39 za mnyororo, karibu asilimia 38, na tumekula siku 3 kati ya 20 za akiba, asilimia 15. Lala usingizi. Paa lake likichukua siku 16 badala ya 10, tumefika asilimia 64 ya mnyororo na tumekula asilimia 45 ya akiba. Bado akiba inaliwa polepole kuliko safari inavyokwenda. Kaa macho, usipige kelele. Lakini kama lile boma lingeisha siku ya 27, tungekuwa tumekula asilimia 60 ya akiba tukiwa asilimia 38 ya safari. Hapo ndipo unapoita kikao, unaongeza waashi, unamwona mteja mapema. Sifa ya kipimo hiki, naikiri, ni kwamba kinamzuia bosi kuvuruga kiwanja kwa kila siku moja iliyopotea.

Sasa niseme kinachonikwaza. Cha kwanza ni mvua. Mfuko wa kuzikana unatosha kwa sababu misiba haiji pamoja. Ikija tauni, mfuko unakauka wiki ya kwanza. Masika ni tauni ya ratiba. Yakinyesha Aprili yanapiga boma, yanapiga paa, yanafunga barabara ya lori la saruji, yote kwa mpigo. Kipeuo cha pili kinadhani kila kazi ina bahati yake peke yake, na hapo dhana hiyo inavunjika. Siku za masika ziondolewe kwenye kalenda kabla ya kuanza kuhesabu, zisitegemewe kwenye akiba. Ni hivyo hivyo kwa fedha za awamu zinazokawia kuingia: zikikawia, zinasimamisha kila kitu.

Cha pili ni ile nusu. Haina msingi zaidi ya mazoea. Willy Herroelen na Roel Leus wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, waliichambua mbinu hii mwaka 2001, wakaonyesha kwamba kanuni ya nusu huelekea kuzidisha akiba, na kwamba ubora wa ratiba unategemea sana jinsi ulivyopanga zamu za rasilimali tangu mwanzo, jambo ambalo kitabu cha Goldratt kinalipita kwa wepesi. Mimi naongeza la kiwanjani. Ukimkata fundi nusu mara moja, atakutajia siku 60 mara ya pili. Na kazi nyingine hazina pamba ya kukatwa, maana zege lina siku zake za kukomaa na halijali riwaya ya mtu.

Cha tatu ni mkataba. Mbinu inasema kuchelewa kwa kazi moja si kosa, ni matumizi ya akiba ya wote. Mkataba wa fundi wetu wa kawaida unamlipa kwa kazi moja moja na kumkata akichelewa. Ukimpa muda wa moyoni na ukamwachia adhabu ileile, umemnyang'anya mwavuli ukamwacha mvuani. Na mteja akiiona akiba ya siku 20 imeandikwa mwishoni, atasema hizi za nini, zifute. Nimeona ikifutwa. Waliobaki na muda uliokatwa nusu, bila akiba, walichelewa zaidi kuliko sisi wa ratiba ya zamani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuandika majina ya mafundi kwenye mchoro kabla ya kuhesabu siku, hilo nalifanya kila mradi, na sioni hoja ya kulipinga. Akiba ya pamoja naiweka pale tu ambapo mwenye mradi amekubali kwa maandishi kutoigusa na fundi amehakikishiwa kutokatwa. Pasipo hayo mawili, namwachia fundi siku zake 30, namwomba aniambie siku atakayomaliza kweli, na kwa mapaa mawili na kikundi kimoja naahidi siku 78.